Barua ya wazi kwa kamati za harusi: tengeni fungu la barafu ya kastadi

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa kamati za harusi, sendofu na kicheni pati za Dar es Salaam.

Mimi ni mpishi wa shughuli, na barua hii nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wapishi wenzangu kwa sababu ninyi ndio mnaoshika bajeti na saa. Mpishi hupewa fedha za unga, nyama na mkaa, akaambiwa wageni ni wangapi na ukumbi upo wapi. Mengine yote mmeshayapanga kikaoni kabla yeye hajaitwa.

Katika bajeti nilizowahi kukabidhiwa, barafu ya vinywaji haikosekani, tena huwekwa nyingi, kwa sababu hakuna kamati inayotaka kuambiwa soda zilikuwa za moto. Barafu ya chakula sijaikuta. Nikiiomba, mweka hazina huniuliza kwa upole kabisa, "Mama, barafu si ipo kule kaunta?" Ipo, lakini imezamisha chupa zilizotoka sakafuni kwa muuzaji, na mikono ya watu wengi inaingia humo humo kila dakika. Nawaomba fungu lake peke yake: kilo 15 za barafu kwa kila lita 20 za kastadi, na nafasi kwenye friji ya ukumbi ambayo haitajazwa bia. Naomba pia tukubaliane saa ya kuitoa kastadi mezani. Nieleze kwa nini, maana mtu akiombwa fedha ana haki ya kujua zinakwenda wapi.

Nianze na kile kilichomo ndani ya sufuria. Kastadi tunayoweka juu ya saladi ya matunda katika harusi nyingi haina yai hata moja. Ni poda, yaani wanga wa mahindi uliotiwa rangi ya njano na harufu ya vanila. Poda hiyo ilitengenezwa na Mwingereza Alfred Bird mjini Birmingham mwaka 1837, kwa kuwa mke wake alikuwa hawezi kula mayai. Kwa hiyo wajumbe wengine hupumua wakisikia kwamba ni kastadi ya poda, wakidhani hatari imeondoka pamoja na yai. Haijaondoka. Ndani yake mna lita nyingi za maziwa, wanga na sukari, na hicho ni chakula kizuri kwa bakteria kama kilivyo kizuri kwa wageni wenu.

Jamaa yake ni pudini ya mayai, ile yenye karameli chini, ambayo familia za pwani huipenda zaidi. Kwa lita moja ya maziwa naweka mayai 8 na sukari gramu 150 au zaidi kidogo. Yai lina hatari yake. Bakteria anayeitwa salmonela huweza kukaa juu ya ganda, na aina yake moja huweza kuwa ndani ya yai zima lisilo na ufa, kwa sababu alimwingia kuku kwenye mfuko wa mayai kabla ganda halijafunga. Hakuna macho yanayoweza kuliona yai la namna hiyo, na kuku wa kienyeji hana kinga zaidi kuliko wa kisasa. Kuna jambo moja tu ambalo mnaweza kulizuia kwa fedha: msimtume mpishi akanunue trei za mayai yenye nyufa kwa sababu ni bei poa. Ufa ni mlango, na kilichoingia humo kimekuwa kikizaliana tangu yai lilipopasuka.

Sasa moto. Wajumbe wengi wanadhani hatari ya mayai ipo kwenye kupika, yaani mpishi asipoivisha vizuri. Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza vyakula vya mayai vifike nyuzijoto 71, na Shirika la Afya Duniani linataka chakula chochote kifike 70 mpaka katikati. Kwenye pudini ya mayai namba hiyo haina shida, kwa sababu yai lililochanganywa na maziwa na sukari haligandi hapo. Linaanza kushika likikaribia nyuzijoto 80. Pudini iliyoshika vizuri mpaka katikati, kwa hiyo, imeshapita salama. Ukitikisa bati kidogo, kingo zimetulia na katikati panatetemeka kwa pamoja bila kutoa mawimbi ya maji. Kisu kikichomwa kati ya ukingo na katikati hutoka kisafi. Nikitia kipimajoto huwa kinasoma kati ya 80 na 83. Moto ukizidi hapo yai hukaza, pudini inatoboka matundu na kutoa maji ya njano pembeni. Ndiyo maana bati la pudini huwekwa ndani ya sufuria yenye maji mpaka nusu yake, maji yakitokota taratibu, tena likifunikwa vizuri ili matone ya mvuke yasianguke ndani.

Kastadi ya poda nayo ina alama yake. Inatakiwa ichemke kweli, ipasue mapovu mazito katikati ya sufuria huku unakoroga, na iendelee hivyo kwa dakika moja au mbili. Hapa kuna kosa ambalo nimelikuta kwenye majiko ya shughuli zaidi ya mara moja. Mpishi anaongeza viini vya mayai kwenye kastadi ya poda ili iwe na ladha ya kifahari, halafu anaogopa viini visikatike, basi anaepua mara tu inapoanza kuwa nzito. Jioni kastadi imekuwa maji, na kamati inamlaumu kwamba amepunja poda. Hakupunja. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kimeng'enya hicho hakifi mpaka kastadi ichemke. Kikiachwa hai kinaendelea kufanya kazi kimyakimya hata baada ya sufuria kuepuliwa. Wanga wenyewe ndio unaokilinda kiini kisikatike, kwa hiyo kastadi ya namna hii inavumilia kuchemka bila taabu. Kastadi iliyokuwa nzito asubuhi ikawa nyepesi usiku inawaambia kwamba haikupata moto wa kutosha, na msiipeleke kwa wageni.

Mpishi mzoefu hufikia moto huo bila kipimajoto, ingawa kipimajoto cha sindano kinastahili kuwemo katika kila jiko la shughuli. Ukikinunua, kijaribu kwanza kwenye bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kinatakiwa kisome sifuri. Ukikitia kwenye maji yanayochemka hapa Dar kitasoma 100, lakini kwa ndugu zetu wa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, kitasoma kama 94 au 95 na kitakuwa kizima.

Shida yetu inaanza moto unapozimwa.

Maziwa na unga huja na bakteria anayeitwa basilasi, ambaye akipata shida hujifunga ndani ya spora, mbegu ngumu isiyouawa na kuchemka. Kastadi inachemka, kila kilicho hai kinakufa, spora zinabaki. Sufuria ikishuka chini ya nyuzijoto 60 na kuelekea 50, zinaamka. Zinajikuta ndani ya chakula kitamu, cha vuguvugu, kisicho na mshindani yeyote, kwa sababu moto umewafagia wote. Wengine huzaa sumu ambayo ikishatoka haiondoki kwa kupasha moto. Kisha anakuja mwingine kutoka kwetu wenyewe: stafilokokasi, anayeishi puani, kwenye ngozi na hasa kwenye kidonda cha kidole. Anaingia kwa mkono uliokata matunda, au kwa kijiko kilichoonjewa kikarudishwa. Sumu yake nayo inastahimili moto.

Hapa ndipo penye lile jibu ambalo kamati hunipa, kwamba kama kastadi imelala basi ipashwe tu asubuhi. Kupasha kunaua bakteria. Sumu waliyokwisha kuimwaga inabaki pale pale, na ndiyo inayomtapisha mgeni. Wala msitegemee kuonja. Kastadi inaweza kuwa na harufu nzuri na utamu wake wote huku imeshaharibika.

Mwendo wa bakteria hawa katika joto la Dar ni mkali. Katika mazingira yanayowafaa huweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Mmoja, akipata saa 3, anakuwa 512. Akipewa saa 6, wanakuwa zaidi ya 262,000. Kati ya nyuzijoto 60 na 5 ndipo wanapofanya hivyo, na kati ya 20 na 45 ndipo wanapokimbia zaidi. Kazi ya kupoza ni kukipitisha chakula katika eneo hilo upesi. Kanuni za chakula za Marekani zinataka kitoke nyuzijoto 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 kabla ya saa 6 kwa jumla. Sina ugomvi na namba hizo, ila nawaambieni kwamba hapa kwetu hazifikiwi kwa hewa. Usiku wa Dar katika miezi ya joto una nyuzijoto 25 au zaidi. Chakula kilichoachwa sakafuni hakiwezi kuwa baridi kuliko chumba kilichomo.

Tazameni sufuria ya lita 20 iliyopikwa saa 3 usiku wa Ijumaa ili Jumamosi kusiwe na haraka. Mpishi ameifunika kwa sinia na kuiweka pembeni, akaenda kulala. Alfajiri ukigusa ubavu wa sufuria utadhani imepoa. Tumbukiza mwiko mpaka katikati, koroga, ugusishe kilichotoka chini nyuma ya kiganja: bado kina uvuguvugu. Kastadi nzito haizunguki ndani ya sufuria kama maji. Joto la katikati linatoka kwa kupenya polepole tu, na ukiongeza kina mara mbili, muda wa kupoa unakaribia mara nne. Kwa hiyo usiku mzima katikati ya sufuria ile palikuwa na joto wanalolipenda. Nimeshawahi kuletewa sufuria ya namna hiyo na familia iliyokuwa imejipikia ili kupunguza gharama, nikaomba ruhusa ya kuimwaga. Palikuwa na maneno, na bibi mmoja alinunua maziwa mengine kwa fedha yake.

Kuna watu wanaoamini kwamba friji itamaliza kazi hiyo. Friji ya nyumbani imeumbwa kukihifadhi kilicho baridi kibaki baridi. Ukiingiza lita 20 za moto, friji yenyewe inapata homa: maziwa, nyama na mboga zilizokuwamo zinapanda joto, na katikati ya sufuria bado pana moto baada ya saa nyingi.

Basi nieleze ninavyofanya, mwone barafu inakwenda wapi. Chukueni shughuli ya wageni 200. Kila mmoja akipata mililita 100 za kastadi juu ya matunda, ni lita 20. Natumia kama lita 18 za maziwa, kilo moja na kidogo ya poda, na sukari kwa kadiri ya wenyewe. Napika asubuhi ya Jumamosi yenyewe, katika sufuria mbili, kwa sababu sufuria moja kubwa haikorogeki mpaka chini na huungua.

Tuseme imechemka saa 3 asubuhi. Hapo hapo naigawa katika sufuria nne pana, kila moja lita 5, ambazo zimeoshwa na kusuuzwa kwa maji ya moto. Naziweka ndani ya mabeseni yenye maji ya bomba, maji yafike usawa wa kastadi na yasiingie ndani. Nakoroga. Maji yakipata moto nayamwaga, naweka mengine, na baada ya kuyabadili mara mbili tatu kastadi imeshuka mpaka kama nyuzijoto 40. Hatua hii haina gharama, ila inaokoa zaidi ya nusu ya barafu. Anayetumbukiza sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja kwenye barafu atahitaji zaidi ya mara mbili ya ile ninayoiomba, na itakuwa imeisha kabla kastadi haijapoa.

Kutoka 40 kwenda chini maji ya bomba hayana tena nguvu, kwa kuwa yenyewe yana joto la Dar. Sasa ndipo barafu inapoingia. Naiponda na kuiweka kwenye mabeseni pamoja na maji, kwa sababu mabonge makavu hugusa sufuria sehemu chache tu, na maji ndiyo yanayolibeba joto. Konzi chache za chumvi ndani ya beseni huifanya baridi iwe kali zaidi. Ndani ya kastadi natumbukiza chupa ya maji iliyogandishwa, iliyosuguliwa nje kwa sabuni, kusuuzwa na kupitishwa kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kusafishia vyombo, na kuikorogea humo humo. Chupa iwe nzima, isiyovuja na isiyo na karatasi. Barafu yenyewe haigusi chakula kamwe, hasa ile ya mabonge inayouzwa kwa ajili ya samaki kule Feri: inafaa kupozea sufuria kwa nje, haifai kumezwa.

Nikifanya hivyo bila kuacha kukoroga, kabla ya saa 5 kastadi imeshuka chini ya nyuzijoto 10. Naimimina kwenye trei kwa kina kisichozidi sentimita 5, nalaza nailoni safi juu ya uso wake ili isifanye utando, na trei zinaingia kwenye friji ya nyuzijoto 4 au kwenye deli lenye barafu chini na pembeni. Pudini ya mayai haikorogwi, kwa hiyo nayo naipika katika mabati madogo, si bati moja kubwa, na kila bati likitoka naliweka kwenye maji ya bomba, kisha kwenye beseni la barafu, kabla ya friji. Wapishi wenzangu watasema karameli itaganda. Itaganda, na ikikaa kwenye friji itayeyuka yenyewe, kwa sababu inafyonza unyevu wa pudini.

Kuhusu krimu ya kupiga nitasema machache. Krimu iliyofunguliwa haipikwi tena, kwa hiyo haina moto wa kuitetea. Inatoka kwenye friji, inapigwa katika bakuli lililopozwa, inarudi kwenye friji. Na vitindamlo vinavyotiwa ute mbichi wa yai uliopigwa ukawa povu, msiviagize kwa shughuli. Sina namna ya kuvifanya salama katika jiko la ukumbi, na mezani hukaa wazee, wajawazito na watoto wadogo, ambao salmonela huwaumiza kuliko wengine.

Mayai ya kuchemsha ya chai ya asubuhi mnayaona salama kwa sababu yameiva mpaka kiini kimekuwa unga. Yameiva, ni kweli. Lakini yanamenywa na vijana wanne kwenye beseni moja usiku wa manane, na kila yai linapita mikononi. Yai lililomenywa hesabu yake ni ile ile ya kastadi: ama liwe kwenye baridi, ama lisizidi saa 2 nje. Nawaomba myaache na maganda yake mpaka asubuhi, kwenye friji, na wanaomenya wavae glavu safi au wanawe kwa sabuni, na mwenye kidonda kidoleni apewe kazi nyingine. Kimanda cha bufee kigeuzwe mpaka kusiwe na ute unaotiririka, na chombo chake kibaki na moto chini, zaidi ya nyuzijoto 60.

Nimefika kwenye saa, na hapa ndipo ninapowahitaji zaidi kuliko kwenye fedha. Kadi inasema saa 12 jioni. Sote tunajua ukumbi unajaa saa 2, maharusi wanaingia saa 3, keki, zawadi na nasaha zinafuata, na chakula kinafunguliwa saa 4 au saa 5 usiku. Mratibu wa ukumbi anataka meza ya bufee ipendeze mbele ya kamera, basi anaomba kila kitu kipangwe saa 1. Kastadi iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzijoto 4 inakaa chini ya taa kwa saa 3 au 4 kabla mgeni wa kwanza hajashika sahani. Kazi yote niliyoieleza imepotea pale, na mpishi hana cheo cha kumbishia mratibu. Ninyi mnacho. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha namna hii kisizidi saa 2 katika joto la kawaida, na ukumbi wa Dar wenye watu 200 wanaocheza una joto zaidi ya la kawaida.

Andikeni kwenye ratiba ya mshereheshaji kwamba kitindamlo kitatoka baada ya meza kuu kuhudumiwa chakula. Kitoke nusu kwanza, bakuli zikiwa zimekalia sinia la barafu, na nusu nyingine ibaki kwenye baridi. Bakuli likiisha liondolewe na lije jingine, kastadi mpya isimiminwe juu ya masalio ya ile ya kwanza. Matunda yakatwe mchana yakawekwe kwenye baridi peke yake, yakutane na kastadi wakati wa kuandaa bakuli. Kama mnataka meza ipendeze kwa ajili ya picha, wekeni maua na matunda mazima.

Mkienda kukagua ukumbi, acheni kidogo kuhesabu viti, mfungue friji. Tieni kipimajoto ndani ya bilauri ya maji iliyokaa humo tangu jana na muone kinasoma ngapi. Ulizeni jenereta inawashwa na nani. Umeme ukikatika na mlango wa friji ukabaki umefungwa, baridi inastahimili kama saa 4. Friji inayofunguliwa kila dakika kutoa bia haitastahimili hata theluthi ya hizo. Ndiyo maana nimeomba friji ya chakula iwe peke yake, na kama haipo, mnikodie madeli mawili makubwa.

Ikitokea wageni wameugua, msikimbilie kuilaumu pilau au kuulizana ni upande gani ulileta kisirani. Tazameni saa. Walioanza kutapika ndani ya saa 1 mpaka 6 baada ya kula, wengi wakiwa hawana homa, mara nyingi wamekula sumu iliyokuwa imeshatengenezwa ndani ya chakula. Wanaoanza kuharisha wakiwa na homa baada ya saa 6 mpaka siku 3 huelekea kwenye salmonela. Wapelekeni kituo cha afya, mwiteni bwana afya wa kata, na mwambieni kila mtu alikula nini na saa ngapi. Kwa ajili hiyo huwa naweka kikopo kidogo cha kila chakula kwenye friji kwa siku 3 baada ya shughuli, kimeandikwa jina na saa. Mkiona vikopo hivyo msivitupe mkidhani ni masalio.

Mwisho kuna zile ndoo za saa 7 usiku. Shughuli imekwisha, akina mama wa familia wanagawana kilichobaki, na kastadi iliyokaa mezani inawekwa kwenye ndoo ya plastiki ili watoto waile kesho. Pilau na nyama zilizobaki kwenye moto zinaweza kugawiwa, zikapozwe nyumbani upesi. Kastadi, pudini na krimu zilizokwisha kutoka mezani zimwagwe palepale, hata kama ni nusu trei na kila mtu anasikitika. Ile iliyobaki kwenye friji bila kutoka, hiyo wabebe, ndani ya deli, pamoja na barafu yake. Mjumbe mmoja wa kamati apewe kazi ya kusimamia jambo hilo, mwenye umri na sauti, kwa sababu msaidizi wangu wa miaka 20 hawezi kumwambia shangazi wa bwana harusi aiweke chini ndoo.

Wenu katika kazi,
Mpishi wa shughuli, Tabata, Dar es Salaam